Prompti ya bango la synthwave: machweo, gridi na anga tupu la herufi za kromu

Synthwave ni mtindo wa picha unaoiga miaka ya 1980, na jenereta yoyote ya picha itakupa jua lake lenye mipasuo na gridi ya zambarau ukiiandikia maneno matatu tu. Tabu huanza pale unapotaka kuweka jina juu ya picha hiyo. Jua limepanda hadi katikati ya ukurasa, minazi imeingia mahali pa herufi, nyota zimetapakaa kila upande, na mara nyingi mashine imejiandikia yenyewe maneno yasiyosomeka. Mwongozo huu unahusu jambo hilo moja: namna ya kuandika prompti inayoacha anga safi la kutosha, lenye giza la kutosha, mahali pale pale unapolihitaji, kisha kuweka herufi za kromu zinazoonekana kama zimezaliwa na picha.

Mfano tutakaoufuata ni bango la A3 la wima lenye neno moja kubwa, MACHWEO. Picha tutaitengeneza kwa Stable Diffusion XL, kwa kifupi SDXL, ndani ya web UI ya AUTOMATIC1111, kwa sababu humo unaweza kushika mbegu ya picha, yaani namba inayorudisha picha ile ile, kuorodhesha usiyoyataka na kuipa mashine mchoro wa kuongoza. Usafi utafanyika GIMP na herufi zitachorwa Inkscape. Programu zote hizo ni za bure. Wanaotumia Midjourney wana sehemu yao karibu na mwisho.

Herufi zenyewe usimwachie jenereta. Hata anapopatia tahajia, anakupa pikseli zilizoganda: huwezi kusogeza herufi moja, wala kubadili neno, wala kulichapa kubwa bila kingo kufifia. Kazi ya prompti ni kutayarisha ukuta. Herufi zinapachikwa baadaye.

## Pima herufi kabla ya kuandika prompti

Watu wengi huanza na picha, kisha hutafuta pa kubana jina. Anza na jina. MACHWEO lina herufi 7. Ukurasa wa A3 una upana wa milimita 297, hivyo neno la upana wa milimita 240 linaacha pumzi ya karibu milimita 28 kila upande. Kwa fonti nene, herufi hizo zitakuwa na urefu wa kama milimita 45 kwenda juu. Kromu ina mng'ao na kivuli, na huhitaji nafasi kuzunguka. Eneo safi liwe zaidi ya mara mbili ya urefu wa herufi. Tutatenga kuanzia milimita 35 hadi 150 kutoka juu ya ukurasa.

Sasa jua. Likiwa na kipenyo cha milimita 150 na limezama nusu, litainuka milimita 75 juu ya upeo wa macho. Tukiuweka upeo kwenye milimita 265, kilele cha jua kitafika milimita 190. Kati yake na eneo la herufi kunabaki milimita 40, na hapo ndipo rangi za machweo zitakapoyeyukia gizani. Upeo huo uko kwenye asilimia 63 ya urefu wa ukurasa, na namba hiyo ina maana kubwa: ukiiachia mashine ichague, huelekea kuuweka upeo katikati kabisa, na jua lile lile pamoja na mpito wake linakula karibu nusu ya nafasi ya jina.

Kama jina lako ni la mistari miwili, tuseme USIKU WA MACHWEO, tenga milimita 160 badala ya 115, ushushe upeo hadi karibu asilimia 70 na upunguze jua kidogo. Usijaribu kuokoa nafasi kwa kubana herufi. Kromu kwenye herufi nyembamba haina pa kuonyesha mpito wake wa rangi, na inabaki kuonekana kijivu.

## Maneno ya prompti

Prompti tunaiandika kwa Kiingereza kwa kuwa maelezo ya picha ambayo modeli hizi zilifunzwa nayo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Hii hapa:

```
background illustration, 1980s synthwave, symmetrical,
empty smooth dark indigo sky filling the upper half,
violet glow near a low straight horizon,
half sun behind the horizon, yellow to orange to hot pink gradient,
dark horizontal slits across the sun,
glowing magenta perspective grid floor, thin lines,
one central vanishing point
```

Tazama mstari wa pili na maana yake: anga tupu, laini, la nili iliyokolea, linalojaza nusu ya juu. Huo ndio moyo wa prompti nzima. Mashine haielewi "acha nafasi ya herufi" kama mchoraji anavyoelewa. Inaelewa vitu. Ukiiambia kwamba kuna nafasi ya maandishi, imesikia neno maandishi, na itayaleta. Ukiiambia kwamba kuna anga na anga hilo lina rangi fulani na ni laini, itachora anga. Utupu uelezwe kama kitu chenye rangi na mguso wake, na uwekwe mapema, kabla ya jua, kwa kuwa maneno ya mwanzo huelekea kuvuta zaidi.

Mpito wa machweo tumeugawa mara mbili kwa makusudi. Jua lina mpito wake, kutoka njano juu, kupita chungwa, hadi waridi kali chini. Anga lina wake, kutoka nili hadi zambarau tu. Kosa la kawaida ni kuruhusu anga nalo lifike kwenye waridi pale kwenye upeo. Likifika, sehemu ya chini ya jua inalingana rangi na kilicho nyuma yake, na unachobaki nacho ni kofia ya njano inayoelea hewani. Ukiona jua lako halina msingi, usiongeze mwanga. Punguza waridi angani.

Mipasuo ya jua kwa desturi huwa myembamba juu na minene kadiri inavyokaribia upeo. Mashine hupatia jambo hili mara nyingi, na inapokosea ni rahisi kuichora upya, hivyo haina haja ya kupoteza maneno mengi. Na maneno yana bei. Modeli hii husoma prompti kwa mafungu ya vipande 75 vya maneno, na web UI huonyesha hesabu pembeni ya kisanduku. Prompti iliyo juu inaingia ndani ya fungu moja. Ukiongeza maelezo hadi yamwagikie fungu la pili, mshikamano kati ya jua, anga na gridi hulegea.

Kisanduku cha `Negative prompt` kinachukua haya:

```
text, letters, logo, watermark, signature, frame, border,
stars, clouds, palm trees, car, buildings, mountains, lens flare
```

Nyota na minazi ni mapambo yanayotarajiwa katika mtindo huu, na huenda ukasikitika kuyaondoa. Lakini kromu ina vimeta vyake. Nyota nyuma ya herufi zinashindana navyo hadi jicho halijui kipi ni mng'ao wa chuma na kipi ni kitone cha anga. Minazi nayo humea kutoka pembeni na kuingia kwenye herufi ya kwanza na ya mwisho. Ukiitaka, ichore baadaye katika tabaka lake, ikomee chini ya mstari wa milimita 150 kutoka juu.

Kukataa kitu kufanyike katika kisanduku hicho tu. Ukiandika `no text` ndani ya prompti kuu, kuna hatari ya kuyaita maandishi unayoyakimbia.

Kuna pia maneno ya kuepuka kwenye prompti kuu, ambayo wengi huyaweka kwa nia njema. `poster` na `cover` huleta majina ya kubuni juu na mistari ya maandishi madogo chini, kwa sababu mabango yaliyo kwenye picha za mafunzo yalikuwa nayo. `VHS` huleta tarehe na saa kwenye kona pamoja na mikwaruzo ya mkanda. `chrome` huigeuza gridi kuwa mabomba ya chuma, au inakuletea herufi. `outrun`, jina lililotokana na mchezo wa magari wa Sega wa mwaka 1986, huleta gari katikati ya barabara, na mara nyingi minazi juu yake.

## Mchoro wa kuongoza

Maneno hayawezi kuuweka upeo kwenye milimita 265. Kwa hilo unahitaji mchoro, na mchoro wenyewe ni wa dakika kumi.

Fungua GIMP, tengeneza turubai ya pikseli 832 kwa 1216. Huo ni mmoja wa ukubwa ambao SDXL inaufanyia kazi vizuri. Kwa uwiano wake ni mrefu kidogo kuliko A3, na hilo linatufaa. Mchapaji atahitaji milimita 3 za ziada kila upande za kukatia, yaani ukurasa wa milimita 303 kwa 426. Tukilinganisha upana, milimita 1 ni sawa na pikseli 2.746, na urefu wote unaohitajika ni pikseli 1170. Pikseli 46 za chini zitakatwa baadaye.

Ukihesabu zile milimita 3 za juu, vipimo vyetu vinakuwa hivi: eneo la herufi linaanzia pikseli 104 hadi 420 kutoka juu, kilele cha jua kiko 530, upeo uko 736. Katikati kwa mlalo ni 416, na nusu kipenyo ya jua ni 206.

Jaza anga kwa `#0D0221` kuanzia juu, lipate nuru polepole hadi `#240B4A` kwenye pikseli 420, kisha lipande hadi `#8C1EFF` kwenye upeo. Chora duara la jua lenye mpito wa `#FFD319`, `#FF901F` na `#FF2975`, ukate nusu ya chini. Sakafu ijaze `#0D0221` na uchore mistari michache ya `#F222FF` inayokutana kwenye upeo katikati ya jua. Isiwe safi sana. Mashine inahitaji kujua vitu viko wapi, si jinsi vinavyong'aa.

Peleka mchoro huo kwenye kichupo cha `img2img` pamoja na prompti zote mbili. Mipangilio ya kuanzia:

```
Size: 832x1216
Steps: 30
Sampler: DPM++ 2M
Schedule type: Karras
CFG Scale: 6
Denoising strength: 0.6
Batch size: 4
```

Namba ya kuchezea ni `Denoising strength`. Chini ya 0.4 utarudishiwa mchoro wako ulivyo, umepakwa mng'ao kidogo. Juu ya 0.8 mashine inaanza kusahau ulichochora, na upeo unarudi katikati. Kati ya 0.55 na 0.65 vipimo vinasimama na picha inapata uhai. `CFG Scale`, kipimo cha kuitii prompti, ukiipandisha kupita 10, rangi zinaungua: waridi inakuwa bapa kama plastiki, na mpito wa anga unakatika vipande.

Toa picha nne, chagua moja, uandike mbegu yake mahali. Kuanzia hapo badilisha jambo moja kwa wakati ukiwa umeishika mbegu hiyo. Ukibadilisha maneno mawili na namba moja kwa pamoja, hutajua kipi kimeleta kheri na kipi kimeleta shari.

## Kagua anga kwa macho ya kamera

Anga la nili iliyokolea huficha takataka. Kwenye skrini linaonekana safi, ukichapa unakuta vivuli vya herufi za kubuni, vumbi la nyota, au duara la mwanga ambalo hukuliona.

Fungua picha kwenye GIMP, uchague `Colors > Curves`, na uinue sehemu ya giza ya mstari hadi anga liwe la kijivu cheupe. Usihifadhi, ni uchunguzi tu. Kila doa litajitokeza. Madoa yakiwa mawili matatu, yafute. Yakiwa mengi, usihangaike kupaka upya kwa jenereta. Anga letu ni mpito mtupu wa rangi, na GIMP hufanya mpito bora kuliko modeli yoyote: chukua rangi ya pikseli ya 0 na ya 420, chora mpito mpya kati yake katika tabaka la juu, na ufifishe ukingo wake wa chini kwa pikseli 60 ili uungane na machweo.

Njia hiyo hiyo huokoa picha nzuri iliyotoka na anga fupi. Ongeza turubai upande wa juu na uendeleze mpito. Kwa bango lenye mawingu au nyota isingewezekana kirahisi, na hii ni faida nyingine ya kuvikataa tangu mwanzo.

Kipimo cha pili ni mwangaza. Zungushia eneo la herufi na ufungue `Colors > Info > Histogram`. Kwenye kipimo cha 0 hadi 255, `Mean` ikiwa chini ya 50 kromu itang'ara. Ikivuka 80, sehemu nyeusi za herufi zitaonekana, lakini zile nyeupe zitapoteza nguvu.

## Gridi ikipinda

Hapa niseme wazi: gridi ndiyo sehemu ambayo jenereta huifanya vibaya zaidi. Utaona mistari miwili ikiungana kuwa mmoja, mingine ikipinda kama uzi, na karibu na upeo kila kitu kikigeuka uji wa waridi. Sababu yake inaeleweka. Modeli haikokotoi umbali. Inakumbuka tu gridi zinavyofanana. Tena haifanyi kazi kwenye pikseli zenyewe. Picha ya 832 kwa 1216 huishughulikia ikiwa imebanwa mara 8, yaani 104 kwa 152, na mistari iliyokaribiana kuliko pikseli 8 haina pa kukaa humo.

Kosa likiwa dogo, ni la karibu na upeo tu, lifunike kwa ukanda mwembamba wa mwanga wa waridi. Hata machweo ya kweli hufifisha mbali. Mistari ya mbele ikipinda, ifute yote na uchore gridi mwenyewe Inkscape juu ya sakafu nyeusi. Mistari inayokwenda mbali ni rahisi: igawe sawasawa kwenye ukingo wa chini, kisha ivute yote hadi nukta moja kwenye upeo, pikseli 416 kwa 736.

Mistari ya mlalo ndiyo inayowashinda wengi. Wakiipanga kwa nafasi sawa, sakafu husimama wima kama uzio. Wakipunguza nafasi kwa kukadiria, inapinda kama kilima. Nafasi sahihi inatokana na kanuni hii, ambapo `H` ni kimo cha sakafu na `k` ni namba ya mstari ukianzia 0 mbele:

```
y = H / (1 + 0.25 * k)
```

Sakafu yetu ina kimo cha pikseli 434, kutoka 736 hadi 1170. Mstari wa kwanza uko 434 chini ya upeo, wa pili 347, wa tatu 289, wa nne 248, wa tano 217, na kuendelea hivyo. Simama pale mistari inapokaribia kugusana, kabla ya kuufikia upeo. Ile 0.25 ukiifanya ndogo, mistari inasongamana. Ukiifanya kubwa, viwanja vinapanuka.

Ili mistari ing'ae, nakili tabaka la gridi, iweke nakala chini, uififishe kwa `Gaussian Blur` na uiache ya `#F222FF`, huku mstari wa juu ukiwa mwembamba na wa waridi jepesi. Mistari ikiwa na unene mmoja na rangi moja bila nakala hiyo, gridi inaonekana kama karatasi ya hesabu.

## Kukuza, na vile vidaraja angani

Kwenye kichupo cha `Extras`, kuza mara 4 kwa `R-ESRGAN 4x+`. Unapata pikseli 3328 kwa 4864. Kata 184 za chini, ubaki na 4680. Kwa karatasi ya milimita 303 hiyo ni karibu pikseli 279 kwa inchi, kiasi kinachotosha kabisa kwa bango. Gridi uliyochora mwenyewe usiikuze pamoja na picha. Irudishe juu baada ya kukuza ikiwa vekta, yaani mistari isiyofifia hata ikikuzwa.

Sasa angalia anga tena, kwani linaweza kuwa limegawanyika kuwa mikanda kama ngazi. Hesabu yake ni hii. Kutoka `#0D0221` hadi `#240B4A` buluu inapanda kutoka 33 hadi 74, hatua 41 tu. Hatua hizo zimetandazwa kwenye pikseli 1680 baada ya kukuza, hivyo kila moja ni mkanda wa pikseli kama 40, karibu milimita 4 kwenye karatasi. Jicho linauona.

Dawa yake ni chenga, zile zile za televisheni isiyoshika stesheni, ila kwa kiasi kidogo. Badili kwanza `Image > Precision` iwe biti 16, lififishe anga kwa `Gaussian Blur` ya pikseli 30, kisha weka `RGB Noise` ya kama 0.02. Chenga huvunja kingo za mikanda na jicho linasoma mpito laini. Zaidi ya hapo anga litaonekana kama msasa. Hifadhi kwa PNG au TIFF. JPEG hufuta chenga hizo kwanza kabla ya kitu kingine, na mikanda inarudi.

## Herufi za kromu

Kromu haina rangi yake. Inaonyesha kilichoizunguka: anga juu, mwanga mkali pale anga linapokutana na ardhi, kisha ardhi nyeusi inayoanza ghafla na kuwa nyepesi kuelekea chini. Ule mkato wa ghafla katikati ya herufi ndio unaomwambia mtazamaji kwamba hiki ni chuma. Ukiondoa mkato, unabaki na herufi za kijivu.

Andika MACHWEO kwa fonti nene na pana, uigeuze kuwa umbo kwa `Path > Object to Path`, kisha uunganishe herufi zote kwa `Path > Combine` ili mpito upite kimo kimoja kwa neno zima. Mpito wenyewe uwe hivi:

```
<linearGradient id="kromu" x1="0" y1="0" x2="0" y2="1">
  <stop offset="0" stop-color="#1B2A6B"/>
  <stop offset="0.3" stop-color="#7CC4FF"/>
  <stop offset="0.5" stop-color="#FFFFFF"/>
  <stop offset="0.5" stop-color="#1A0933"/>
  <stop offset="0.75" stop-color="#D0247F"/>
  <stop offset="1" stop-color="#FFE3B0"/>
</linearGradient>
```

Vituo viwili vimekaa mahali pamoja, 0.5, na ndivyo mkato unavyopatikana. Waridi na njano za chini zimechukuliwa kwenye machweo ya bango hili hili. Ukitumia kromu ya buluu na kahawia uliyoikopa mahali pengine, herufi zitaonekana zimebandikwa.

Buluu iliyokolea ya juu itazama kwenye anga la nili, na vichwa vya herufi vitapotea. Usiipaushe ile buluu, maana ndiyo inayoipa kromu kina. Zungushia herufi mstari mweupe wenye ubuluu kidogo, unene wa milimita 1.2, na nyuma yake weka nakala ya neno iliyofifishwa ya `#8C1EFF`. Vimeta viwili vinatosha kwa neno la herufi 7, kwenye pembe za juu pale nuru ingegonga kweli: kona ya kushoto ya M na ubavu wa juu wa O. Kuanzia vitatu neno linaanza kuwa gumu kusomeka kwa mbali.

## Kwa Midjourney

Prompti ni ile ile, ila udhibiti ni mdogo:

```
[prompt] --ar 5:7 --no text, letters, stars, palm trees, car --stylize 50
```

Uwiano wa 5:7 unakaribia sana A3. `--stylize` iache chini, kwani ikipanda inaleta mapambo angani. Hakuna vipimo vya pikseli hapa, kwa hiyo zalisha picha nyingi, chagua yenye upeo wa chini kuliko zote, na anga likipungua liongeze GIMP kwa njia iliyoelezwa hapo juu.

## Kabla ya kumpelekea mchapaji

Zambarau na waridi za skrini hutengenezwa kwa nuru. Wino wa rangi nne hauwezi kuzifikia, na `#8C1EFF` ndiyo inayoumia zaidi: hushuka kuwa buluu iliyochoka. Kwenye GIMP washa `View > Color Management > Proof Colors` ukiwa umeweka wasifu wa rangi utakaopewa na mchapaji, uone hasara mapema. Usijaribu kuirudisha kwa kuongeza ukolezo, kwa kuwa rangi zilizo nje ya uwezo wa wino zinabanwa pamoja na mpito unapotea. Sogeza zambarau kidogo kuelekea waridi, na uongeze tofauti ya giza na nuru kati ya jua na anga. Jicho huisoma tofauti hiyo kama mng'ao hata rangi yenyewe ikipungua.

Faili liwe PDF ya milimita 303 kwa 426, herufi zikiwa maumbo na si fonti. Omba kwanza nakala ya A4, uibandike ukutani na urudi nyuma hatua nne. Neno lisomeke kabla hujaiona gridi. Ukiona mistari ya sakafu kwanza, ipunguze mng'ao ile ya mbele kwa theluthi kabla ya kuchapa A3.